Dagaa "hawana mchanga hata chembe": uchambuzi wa tangazo lililomponza muuzaji

Dada mmoja wa Kirumba, Mwanza, anauza dagaa wakavu kwa pakiti ya kilo moja kwenye soko la mtandaoni. Wateja wake wengi wako Dar es Salaam, Dodoma na Arusha. Alinitafuta akiwa amekasirika, lakini hasira yenyewe ilikuwa juu ya wateja, si juu ya tangazo. "Mdogo wangu, hawa watu hawajui dagaa," aliniambia. "Wananiwekea nyota moja kwa kitu ambacho kila mtu wa huku anajua." Hilo neno la mwisho nililikumbuka baadaye, maana ndilo lilikuwa jibu lenyewe, ila yeye alilisema kama utetezi.

Tangazo lake lilisomeka hivi, nalinakili lilivyokuwa:

"DAGAA WA MWANZA ORIJINO 100%!!! Wametoka ziwani leo. Hawana mchanga hata chembe, hawana uchungu. Wakubwa, wanang'aa. Huhitaji kuosha wala kuchambua, unasaga moja kwa moja kwa uji wa mtoto. Wanakaa mwaka mzima bila kuharibika. Wanaongeza damu na kinga ya mwili. Mzigo unakufikia ndani ya saa 24 popote Tanzania. Kilo 1 kamili."

Alikuwa na maoni 38 ya wateja, na 17 kati yake yalikuwa ya nyota moja au mbili. Kazi ya kwanza haikuwa kuandika chochote. Tulikaa dukani kwake, tukachapisha tangazo kwenye karatasi, kisha tukasoma yale maoni 17 moja baada ya jingine huku kalamu ikiwa mkononi. Kila mteja aliporudia neno la tangazo, tulilipigia mstari kule kwenye tangazo. Ni kazi ya nusu saa, na inafundisha kuliko mazungumzo ya siku nzima. Mteja aliyedanganywa na maelezo huwa anayanukuu: "mlisema hata chembe", "saa 24 gani hizi", "wakubwa wako wapi". Mteja mwenye tatizo lingine hanukuu kitu. Kwa mfano mmoja alilalamika kwamba bodaboda alimjibu vibaya. Hilo halikugusa neno lolote la tangazo, tukaliweka pembeni, maana hakuna uandishi wa maelezo utakaomfundisha bodaboda adabu.

Yaliyobaki yaligawanyika hivi: mchanga 8, kuchelewa 4, udogo wa dagaa 2, uzito 2. Mchanga peke yake ulikuwa karibu nusu ya malalamiko yote, na kati ya hayo manane kulikuwa na moja lililomfanya dada anyamaze. Mama mmoja wa Dodoma alisaga pakiti nzima, akachanganya na unga wa lishe wa mtoto wa miezi tisa. Mtoto akawa anatema uji. Mama alipoonja, meno yakasaga mchanga. Aliandika maneno machache tu: "Mlisema nisage moja kwa moja."

Hapo ndipo nilipoona tatizo lilipo hasa. "Hawana mchanga" ikiwa peke yake ni chumvi ya biashara. Mpishi mzoefu ataosha tu, atasonya kidogo, basi. "Saga moja kwa moja" ikiwa peke yake ni ushauri. Lakini ukiziweka pamoja unamwambia mtu aache kufanya kile ambacho kingemwokoa. Dagaa mzima ukimwosha, mchanga unazama chini ya beseni. Akishasagwa, mchanga umekuwa unga, na hakuna chekeche la nyumbani litakalouondoa. Ahadi mbili za kawaida zilikutana zikazaa ya tatu ambayo muuzaji hata hakukusudia kuitoa.

Kabla ya kugusa maneno, nilimwomba tuupime huo mchanga. Alikuwa na magunia matatu kwa wakati huo. Tulichukua gramu 200 kutoka kila gunia, tukaweka kwenye beseni jeupe, tukamwaga maji, tukakoroga kwa mkono, tukawatoa dagaa, kisha tukaacha maji yatulie kwa dakika kumi. Gunia la kwanza liliacha mchanga wa kujaza kijiko cha chai, chembe zinazoonekana kwa macho. La pili liliacha karibu hivyo hivyo. La tatu liliacha utando mwembamba tu wa vumbi, ukipitisha kidole unabaki mstari.

Wafanyabiashara wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hawatashangaa. Yale mawili ya kwanza yalikuwa ya dagaa walioanikwa chini, kwenye mchanga wa mwaloni, yaani ufukweni, na la tatu lilikuwa la dagaa wa chanja, walioanikwa kwenye wavu uliotandazwa juu ya vichanja vya miti. Dada alikuwa ananunua wowote kulingana na bei ya siku na kuwafunga kwenye pakiti zilezile, chini ya tangazo lilelile. Mteja wa Jumatatu alipata wa chanja akatoa nyota tano. Mteja wa Ijumaa alipata wa mchangani akatoa moja. Kumbe hata zile nyota nzuri zilikuwa zinamdhuru, kwa sababu zilimfanya aamini tangazo ni la kweli na wanaolalamika ni wakorofi.

Ona pia kilichotokea kwenye gunia la tatu. Hata dagaa wa chanja waliacha vumbi. Upepo wa ziwani unapuliza, wanakusanywa kwa ufagio, wanamwagwa kwenye turubai, wanapakiwa gunia. Maana yake "hata chembe" ni ahadi ambayo hakuna dagaa wa ziwa hili anayeweza kuitimiza, awe wa chanja au la. Hapa naweka tofauti mbili ambazo nazirudia kila nikifanya kazi ya namna hii. Kuna ahadi ambayo bidhaa inaweza kuifikia ukirekebisha bidhaa, na kuna ahadi ambayo haifikiki hata ukirekebisha. Ya kwanza inaanzia stoo, ya pili inaanzia kalamu. Ukizichanganya utaishia kumlaumu mchuuzi kwa kosa la sentensi, au kupamba sentensi juu ya mzigo mbovu.

Kwa hiyo upande wa stoo, aliamua pakiti za mtandaoni ziwe za chanja peke yake. Wa mchangani aliendelea kuwauza kwa gunia na kwa sado kwa wanaowajua: mama ntilie wa jirani ambao huosha mara tatu bila kuambiwa, na wafugaji wanaotengeneza chakula cha kuku. Bei ya pakiti ikapanda kidogo, jambo lililomuuma. Nilimwambia wazi kwamba bila hatua hiyo nisingeandika kitu, maana maelezo ya kweli juu ya pakiti zilizochanganywa yangelazimika kusema "huenda wana mchanga, huenda hawana", na hakuna anayenunua bahati nasibu ya kitoweo.

Suala la udogo lilikuwa dogo kwa idadi lakini lilifungua kitu kikubwa. Wale wawili waliolalamika walikuwa wa Dar, na mmoja aliandika kwamba amezoea dagaa wa Kigoma. Dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, wa Ziwa Tanganyika. Wa Ziwa Victoria ni wembamba na wana ladha yao, pamoja na ule uchungu kidogo wa tumboni ambao sisi tuliokulia huku wala hatuuhisi. Sasa neno "wakubwa" kwa mtu wa Mwanza lina maana ya wakubwa kwa dagaa wa Mwanza. Kwa aliyezoea wa Kigoma lina maana nyingine. Hapa ndipo lile neno la dada, "kila mtu wa huku anajua", lilipogeuka. Anayenunua kwa simu hayuko huku. Mwaloni mnunuzi anachota kiganja, anavunja dagaa mmoja, anatafuna, anajua. Mtandaoni hana kiganja, ana maneno yako na picha yako tu.

Na picha, kwa kweli, haikuwa ya dagaa wake. Aliitoa mahali fulani kwa sababu "inapendeza". Tulipiga nyingine kwa simu, mchana, kivulini, dagaa wakiwa kwenye kiganja chake. Kiganja ni kipimo ambacho kila mtu anacho. Picha haikuwa na mng'ao wa ile ya kwanza, na malalamiko ya udogo hayakurudi tena.

Kuchelewa tulikupima kwa kuhesabu safari ya oda moja halisi. Mteja wa Dar aliagiza Jumatatu saa mbili usiku. Dada alifunga mzigo Jumanne asubuhi na kuupeleka ofisi ya basi mchana. Basi liliondoka Jumatano alfajiri, likafika Dar usiku. Ofisi ya vifurushi ilifunguliwa Alhamisi asubuhi, bodaboda akauchukua, mteja akaupokea karibu na saa sita mchana. Hakuna aliyezembea hata mmoja, na bado ni siku tatu. Nilimuuliza saa 24 alizitoa wapi. Akacheka, akasema wauzaji wote huandika hivyo.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ningependa lieleweke vizuri. Muuzaji anaweza kuahidi anachokifanya mwenyewe, hawezi kuahidi anachokifanya basi. "Tunapeleka mzigo ofisi ya basi Jumanne na Ijumaa mchana; wa Dar hupokea siku ya pili au ya tatu baada ya hapo" ni sentensi ambayo nusu yake ya kwanza iko mikononi mwake kabisa, na nusu ya pili imetokana na safari alizokwisha kuzihesabu. Tena inampa mteja siku ya kutazamia. Mtu akiambiwa saa 24 akapokea baada ya siku tatu anakasirika. Mtu huyohuyo akiambiwa Ijumaa akapokea Ijumaa hata hataji usafiri kwenye maoni yake, na usafiri usipotajwa ujue umeenda vizuri.

Malalamiko ya uzito nilidhani ni ya uongo, nikakosea. Mteja mmoja alipima akapata gramu 960. Mzani wa dada ulikuwa sawa, wenye stika ya Wakala wa Vipimo. Tulifunga pakiti ya gramu 1,000 na kuiacha kwenye rafu, na siku ya tano ilikuwa gramu 965. Dagaa walikuwa hawajakauka vya kutosha na pakiti zake zilikuwa na vitundu vya hewa, hivyo maji yalikuwa yanaendelea kutoka njiani. Alichofanya ni kuwaanika tena siku moja juu ya turubai nyumbani kabla ya kufunga, na kuzidisha gramu 20. Maneno "Kilo 1" yakabaki kama yalivyo, ila neno "kamili" tulilitoa. Kilo ni kilo. Ukiisisitiza, msomaji anaanza kujiuliza kilo zako nyingine zikoje.

"Mwaka mzima bila kuharibika" halikuwa na malalamiko hata moja, na hapo ndipo wengi wangeliacha. Mimi nilitaka litoke. Dagaa wana mafuta, na mafuta huchacha. Kwa bahati nzuri dada alikuwa na pakiti za zamani zilizosahaulika kabatini, na tulipofungua moja ya kama miezi minne ilikuwa haina ukungu, lakini harufu ilikuwa imebadilika, ile harufu kali ya mafuta ya kale. Tukaandika miezi 2 na kuanza kuweka tarehe ya kufunga kwenye kila pakiti. "Wanaongeza damu na kinga" nalo liliondoka. Dagaa huliwa na mifupa yake kwa hiyo wana madini ya chokaa, hilo ni kweli, lakini kudai wanatibu kitu ni kuingia eneo la dawa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Sidhani kama kuna mteja aliyenunua kwa ajili ya sentensi ile.

Kisha dada akaandika mwenyewe rasimu ya kwanza ya tangazo jipya. Ilikuwa hivi: "Samahani wateja, dagaa wetu ni wadogo, wana vumbi kidogo, wana uchungu kidogo na mzigo unachelewa." Nilicheka, naye akacheka. Ni kosa la kawaida sana la mtu aliyetoka kuumizwa na nyota moja: anaruka kutoka kwenye majivuno hadi kwenye kitubio. Msomaji hahitaji kuombwa msamaha kabla hajakosewa. Kila udhaifu ule una namna ya kusemwa kama habari au kama maelekezo. "Wana vumbi" inakuwa "osha mara mbili". "Ni wadogo" inakuwa kipimo. "Wana uchungu" inakuwa njia ya kuupunguza. Ukweli ni uleule, lakini mteja amepata la kufanya.

Toleo tulilokubaliana ni hili:

"Dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, walioanikwa kwenye chanja, si chini. Osha kwa maji ya vuguvugu mara mbili kabla ya kupika. Ukitaka kusaga kwa ajili ya uji, osha kwanza, anika wakauke kabisa, ndipo usage.

Ni wembamba, wengi ni wafupi kuliko kidole cha mwisho cha mtu mzima (tazama picha), tofauti na wa Kigoma. Wanauzwa wazima na vichwa vyao. Usiyependa uchungu, toa kichwa na tumbo wakati wa kuchambua.

Kilo 1, imepimwa siku ya kufunga. Tarehe iko kwenye pakiti. Tumia ndani ya miezi 2, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Tunapeleka mzigo ofisi ya basi Jumanne na Ijumaa mchana. Dar hupokea siku ya pili au ya tatu baada ya hapo."

Mpangilio wake una sababu. Kwenye simu mteja huona mistari miwili au mitatu ya mwanzo, iliyobaki inafichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo kuosha na kusaga kulikaa juu kabisa. Jambo linaloweza kumuumiza mtu au kumharibia chakula cha mtoto halifichwi chini ya tarehe na usafiri. Na neno "si chini" kwenye sentensi ya kwanza ndilo linalouza, kwa anayejua dagaa. Asiyejua atauliza, na akiuliza tayari ni mazungumzo.

Wiki mbili za mwanzo oda zilipungua, naye akanipigia simu mara mbili kuniambia hivyo kwa sauti ya mtu anayedai. Sikuwa na la kumfariji zaidi ya kumwomba asubiri maoni mapya. Lakini katika wiki ya tatu likaja lalamiko la mchanga, la kwanza tangu tubadilishe. Nikashangaa. Tukapima gunia, liko sawa. Tangazo liko sawa. Ndipo tukafungua meseji. Kijana anayemsaidia kujibu wateja alikuwa ameulizwa "Wana mchanga?" naye akajibu kwa sauti, kwa uchangamfu wote: "Hawana kabisa dada yangu, wewe pika tu!" Tangazo la zamani lilikuwa limefutwa kwenye ukurasa lakini bado liliishi kinywani mwake. Likaishi pia kwenye picha ya status ya dada mwenyewe, na kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye pakiti za akiba. Tulikaa na kijana tukamwandikia majibu manne ya maswali yanayoulizwa zaidi, kwa maneno yake mwenyewe. Jibu la mchanga likawa: "Ni wa chanja, vumbi halikosi, osha mara mbili utafurahi."

Maoni ya zamani hatukuomba yafutwe. Kwa kila moja ya yale manane ya mchanga dada alijibu kwa mistari miwili: kwamba mteja alikuwa sahihi, kwamba kuanzia mwezi ule pakiti ni za chanja tu, na maelekezo yamebadilishwa. Hakubishana wala hakueleza habari za mwaloni. Yule mama wa Dodoma, dada alimpigia simu kabisa, akamrudishia hela. Yule mama hakubadilisha nyota yake. Ni haki yake, na dada naye aliacha kulizungumzia.

Vuli ilipoanza alinipigia tena, safari hii akiwa Mwaloni, kelele za makuli zikisikika nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, dagaa wa chanja hawakukauka kwa jua moja, wakawa wa kahawia badala ya ile rangi ya fedha. Safi, hawana harufu, ila rangi imeondoka. Na picha yetu ilionyesha wa fedha. "Mdogo wangu, niandike au ninyamaze?" Nilimuuliza yeye angependa nini kama angekuwa Dar. Akakata simu. Jioni nilipofungua ukurasa wake kulikuwa na picha mpya ya kiganja, na chini yake mstari mmoja: "Wa msimu wa mvua, rangi ya kahawia, ladha ileile."